Mama hakusoma sana, na majibu ya hospitali hayaelewi: tuombeje maelezo rahisi kwa Kiswahili chake?

*Swali: "Mama yangu ana miaka 61, alizaliwa Kivu Kusini, akakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuja huku Marekani. Aliacha shule darasa la tatu. Kiswahili ndiyo lugha aliyokulia, Kiingereza hajui. Ana sukari, na kila kliniki ikimjibu, jibu linakuja kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili ambacho hata mimi kinanishinda. Mtoto wangu wa miaka 13 ndiye anayemtafsiria. Naombaje wamjibu kwa maneno anayoyaelewa yeye mwenyewe?"*

Dada, nimekuwa mkalimani wa hospitali kwa familia za Kongo kwa muda mrefu, na kabla ya hapo nilifundisha watu wazima kusoma. Kwa hiyo nitakujibu kwa kuanza na jambo ambalo familia nyingi hulikosa. Mnachohitaji ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja huombwa kwa njia yake. Cha kwanza ni lugha, cha pili ni wepesi wa maelezo. Ukiomba Kiswahili peke yake, utapewa Kiswahili, lakini kitakuwa kimetafsiriwa kutoka katika Kiingereza cha kidaktari, na ugumu wote utakuwa umevuka pamoja nacho. Ndiyo maana ulipata karatasi iliyokushinda hata wewe uliyesoma.

Katika ombi la lugha, sheria iko upande wenu. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani, kwa mfano kupitia bima za Medicaid na Medicare, zinabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 na Kifungu cha 1557 cha sheria ya huduma za afya ya mwaka 2010. Kwa mujibu wake, mgonjwa asiyejua Kiingereza vizuri anastahili mkalimani mwenye ujuzi bila kulipa hata senti, na hawawezi kumlazimisha aje na mkalimani wake. Kanuni zake zinakataza pia kumtumia mtoto mdogo kama mkalimani, isipokuwa kwa muda mfupi wakati wa dharura, mkalimani mwenye ujuzi anapokuwa bado hajapatikana. Kwa hiyo mjukuu huyo wa miaka 13 apumzishwe kuanzia leo. Mtoto hana maneno ya kueleza figo na mishipa. Zaidi ya hapo, mama hataweza kusema mbele ya mjukuu wake kwamba haja ndogo inamsumbua usiku, ilhali hilo ndilo daktari wa sukari anahitaji kulisikia.

Ombi la lugha hufanywa mara moja, nalo liingizwe kwenye kumbukumbu za mgonjwa badala ya kubaki katika masikio ya mpokezi wa siku hiyo. Piga simu kliniki, au nenda dirishani mkiwa na mama, uwaombe wafungue ukurasa wake. Kuna sehemu ya lugha, ambayo mara nyingi huandikwa `Preferred language`, na sehemu ya mkalimani, `Interpreter needed`. Waombe wakusomee kilichoandikwa hapo, kwa maana makosa ni mengi. Mpokezi akisikia "Kongo" huandika Kifaransa, au Lingala, na mama hupangiwa mkalimani ambaye hawaelewani kabisa. Waambie waandike Kiswahili, na kwenye sehemu ya maelezo waongeze kwamba ni Kiswahili cha Kongo ya Mashariki. Baadhi ya kampuni za ukalimani wa simu hutenganisha hicho na Kiswahili cha Kenya na Tanzania. Zisizotenganisha, bado maelezo hayo humsaidia mkalimani kujua anazungumza na nani.

Tofauti hiyo si ndogo inapofika kwenye dawa. Mkalimani aliyekulia Nairobi atasema "presha", mama anangoja kusikia "tansio". Atasema "tembe", wakati nyumbani kwenu pengine mnasema kinini au kompirime. Hayo husahihishwa haraka mama akiuliza. Hatari kubwa iko kwenye saa, kwa sababu hapo mama hataona sababu ya kuuliza. Daktari akiagiza dawa imezwe saa 8 ya Kizungu asubuhi, mkalimani aliyechoka anaweza kutamka "saa nane", na kwa hesabu yetu ya Kiswahili hiyo ni mchana jua likiwa kali. Wako pia Wakongo wanaotaja saa kwa Kifaransa, kwa hiyo huwezi kukisia mama atashika ipi. Ombeni dawa zisipangwe kwa saa pale daktari anapoona haina lazima, bali zifungwe kwenye jambo ambalo mama hulifanya kila siku: akishakunywa uji wa asubuhi, akishakula chakula cha jioni, anapokwenda kulala.

Sasa nije kwenye wepesi, ambao sheria haiuelezi kwa undani kama inavyoieleza lugha, na ambao mkalimani hana mamlaka ya kuutengeneza. Hili naomba ulielewe vizuri. Kazi yetu wakalimani ni kusema kile alichosema daktari. Daktari akisema sentensi ngumu tano, sina ruhusa ya kuzifanya mbili nyepesi, kwa kuwa nitakuwa nimeamua mimi ni kipi cha muhimu, na mimi si daktari. Ninachoweza ni kumsimamisha na kumwambia kwamba neno lile halina jina linaloeleweka kwa mgonjwa, hivyo alieleze. Wepesi lazima utoke kinywani mwa daktari au muuguzi, kabla haujafika kwangu. Kwa hiyo ombi la wepesi huelekezwa kwao, tena kwa maneno yanayowaonyesha cha kufanya. Ukisema tu "tumieni maneno rahisi", kila mtu ataitikia na hakuna kitakachobadilika, maana daktari huona maneno yake tayari ni rahisi.

Mimi hushauri ombi liandikwe namna hii, nawe ulipeleke kwa Kiingereza kupitia ujumbe wa mtandaoni wa kliniki au kwenye karatasi:

"Mama alisoma hadi darasa la tatu na hasomi barua. Ana akili timamu na anaamua mambo yake mwenyewe. Tunaomba majibu yote ya vipimo na mabadiliko yote ya dawa aelezwe kwa simu, kukiwa na mkalimani wa Kiswahili cha Kongo, hata kama barua pia inatumwa. Tunaomba jambo moja lisemwe katika sentensi moja, dawa ihesabiwe kwa idadi ya vidonge na chakula, sababu ya kila agizo itajwe, na mwishoni aombwe kurudia kwa maneno yake mwenyewe atakachofanya akifika nyumbani. Tunaomba maelezo haya yawekwe kwenye kumbukumbu zake."

Sentensi ya pili usiiondoe. Baadhi ya wahudumu wakisikia mtu hakusoma, humgeukia binti yake na kumsahau mgonjwa, au humzungumzia kama mtoto. Mama aliyeuza sokoni Nyarugusu, akakopesha, akadai na kurudisha chenji bila daftari, hesabu anaijua na sababu anaielewa. Akielezwa kwa nini, atafuata; akiamriwa tu, ataacha dawa siku atakapojisikia nafuu.

Nikuonyeshe tofauti kwa mfano mmoja, ambao nimeutunga kutokana na aina ya majibu yanayonipitia. Daktari ameandika kwa Kiingereza chake cha kawaida, na tafsiri iliyofika nyumbani inasomeka hivi:

"Kiwango chako cha hemoglobini A1c ni asilimia 9.2, juu ya lengo. Ongeza dozi ya metformini hadi miligramu 1000 mara mbili kwa siku pamoja na mlo. Sitisha endapo kuna kutapika au kutostahimili ulaji kwa njia ya kinywa. Vipimo vya maabara vya mfungo baada ya miezi 3."

Hakuna kosa la tafsiri hapo, hata moja. Lakini tazama mama anabaki na nini. Hajui hemoglobini. Miligramu haioni, anachokiona ni vidonge. "Mara mbili kwa siku" inaweza kuwa asubuhi na mchana, au saa moja na saa tatu. "Sitisha" ataisikia kama kuacha dawa moja kwa moja. Na "mfungo", kwa mama wa kanisa, ni kufunga na kuomba. Nimekutana na mgonjwa aliyefunga siku tatu kwa neno hilo, akafika maabara akiwa amedhoofika vibaya.

Jibu lilelile, likisemwa kwa wepesi na daktari mwenyewe, kisha likapita kwa mkalimani, linaweza kuwa hivi:

"Mama, sukari kwenye damu yako bado iko juu. Kipimo hiki kinaonyesha sukari ilivyokuwa kwa miezi mitatu hivi, siyo siku moja tu. Tunataka ifike kwenye 7, yako imefika 9. Sukari ikikaa juu muda mrefu, inaharibu macho, figo na miguu polepole, na mwanzoni haiumi. Kwa hiyo tunaongeza dawa. Dawa ni ileile uliyo nayo. Ulikuwa unameza kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Kuanzia kesho, meza viwili asubuhi ukishakula, na viwili jioni ukishakula. Ukimeza bila kula, tumbo linaweza kukusumbua. Siku ukitapika, au ukiharisha sana, au ukishindwa kula na kunywa, usimeze dawa hii, utupigie simu siku hiyohiyo. Ukipona, tutakuambia uirudie lini. Baada ya miezi mitatu tutapima damu tena. Siku hiyo njoo asubuhi kabla ya kula kitu. Maji unaweza kunywa. Dawa ya asubuhi njoo nayo, utaimeza ukishakula baada ya kutolewa damu."

Jibu hili ni refu kuliko lile la kwanza, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Watu hudhani maelezo rahisi ni maelezo mafupi, kisha wanakata. Kinachokatwa mara nyingi ni onyo la kutapika, kwa sababu linaonekana kama jambo la ziada, na hilo ndilo lisilofaa kukosekana. Mtu mwenye dawa hii akitapika na kuharisha hadi kukaukiwa maji, figo hushindwa kuitoa dawa mwilini, na hapo hatari yake ni kubwa. Basi mkipewa jibu la maneno machache mno, uliza kupitia mkalimani: ni siku gani hapaswi kumeza, na ni dalili gani zinatufanya tupige simu? Namba 7 na 9 nimeziacha makusudi. Madaktari wengine huziondoa wakidhani zinamchosha asiyesoma, nami sikubaliani nao, kwa sababu mama akijua alipo na anapotakiwa kufika, atauliza mwenyewe safari ijayo kama imeshuka. Lengo lenyewe hutofautiana kwa umri na afya ya mtu, hivyo namba na maagizo yatoke kwa daktari wake. Wewe chukua umbo la maelezo tu.

Kuna tatizo moja linalotokana na huu wepesi wenyewe, na usipolijua litakuponza. Tumesema "vidonge viwili" kwa sababu chupa aliyo nayo mama ina vidonge vya miligramu 500. Chupa hiyo ikiisha, duka la dawa linaweza kumpa vidonge vya miligramu 1000, ili ameze kimoja badala ya viwili. Maandishi ya kwenye chupa yatakuwa yamebadilika, lakini mama hayasomi, na masikioni mwake bado ni viwili na viwili. Kwa siku atakuwa amemeza miligramu 4000, kiasi kinachopita kabisa kiwango cha juu cha dawa hii. Kwa hiyo kila chupa mpya inapoingia nyumbani, kabla haijafunguliwa, linganisha namba ya miligramu iliyopo na ile ya chupa ya zamani, na kidonge na kidonge mkononi. Kikiwa na ukubwa, umbo au namba tofauti, mpigie mfamasia na uombe aeleze upya kwa mkalimani. Maduka ya dawa ya kampuni kubwa huwa na huduma ya ukalimani kwa simu kama hospitali, ila hawakuambii habari zake mpaka uiombe. Chupa ya zamani itupwe siku hiyohiyo, ili mama asije akachanganya hizo mbili.

Sasa utajuaje kwamba jibu limeeleweka? Swali la "umeelewa?" halifai kitu. Mama zetu wamelelewa kumwitikia munganga, na wataitikia "ndiyo" hata wakiwa hawajashika neno, kwa sababu kusema hapana ni kama kumvunjia mtu heshima. Kwa hiyo ombi lako linamtaka muuguzi amwambie: "Mama, nataka kujua kama mimi nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, kesho asubuhi utafanya nini na hizi dawa?" Mzigo unakaa kwa muuguzi, mama hajisikii anatahiniwa. Akisema "nitameza viwili nikishakula", vizuri. Akisema "nitafuata vile mlivyosema", bado hajashika, na maelezo yarudiwe kwa maneno mengine, kwa sababu yaleyale yaliyoshindwa mara ya kwanza yatashindwa tena yakisemwa kwa sauti kubwa. Kila dawa irudiwe peke yake. Ukiwa karibu, nyamaza. Binti akimalizia sentensi ya mama yake, muuguzi ataandika kwamba mgonjwa ameelewa.

Ukiwepo, sikiliza pia urefu. Daktari akizungumza dakika nzima na mkalimani akatoa maneno sita, kuna kilichoanguka. Mwombe daktari aseme sentensi moja au mbili, asimame, atafsiriwe, ndipo aendelee. Mama naye ana haki ya kusema kwamba hamwelewi mkalimani huyu na anaomba mwingine. Wengi hawathubutu, basi mwambie mapema kwamba hilo halimkosei mtu adabu.

Nyumbani kuna ushahidi ambao hauhitaji kusoma, nao ni vidonge vyenyewe. Chupa ya vidonge 120, kwa vinne kila siku, inakwisha siku ya 30. Vihesabu baada ya siku kumi: vinatakiwa vibaki 80. Vikibaki 100, mama anameza viwili kwa siku kama zamani, maana yake badiliko halikumfikia. Vikibaki 60, anameza vingi mno, na hiyo ni simu ya kupigwa siku hiyohiyo. Fanyeni hesabu hiyo pamoja naye mezani, maana akifichiwa atajisikia anapelelezwa, na mtu mzima akijisikia hivyo huanza kuficha.

Kuhusu sauti: kwa asiyesoma, karatasi haimsaidii kukumbuka, lakini simu yake inaweza. Mwishoni mwa maongezi, mwombe daktari au muuguzi ruhusa ya kurekodi muhtasari wa dakika moja au mbili ukisemwa na mkalimani, uhifadhiwe kwenye simu ya mama mwenyewe. Omba ruhusa kwanza, kwa kuwa sheria za kurekodi hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, na baadhi ya kliniki hukataa. Wakikataa, basi wewe rekodi sauti ya mama mwenyewe akirudia maelezo mbele ya muuguzi, akithibitishiwa kwamba amesema sawa. Mimi naipenda zaidi hii ya pili, kwa sababu maneno yanakuwa ya kwake, kwa Kiswahili chake cha Kivu. Taja tarehe mwanzoni mwa rekodi, na futeni ya zamani kila dawa inapobadilika, ama sivyo siku moja atasikiliza agizo lililokufa.

Ili wewe uzungumze na kliniki kwa niaba yake bila kukwama, ni vyema mama atie sahihi au alama ya dole kwenye fomu ya ruhusa ya kutoa habari zake za afya. Atafsiriwe fomu hiyo kabla ya kutia alama. Bila hiyo wanaweza kukwambia hawawezi kuongea nawe. Majibu ya kwenye akaunti yake ya mtandaoni huingia yenyewe, mara nyingi kwa Kiingereza na kabla daktari hajayasoma. Usimpe mama tafsiri ya kompyuta ya majibu hayo kama neno la mwisho. Kanuni za mwaka 2024 za kifungu nilichokitaja zinataka tafsiri ya mashine ya maandishi muhimu ikaguliwe na mfasiri mwenye ujuzi kabla hospitali haijaitumia kwa mgonjwa, na sababu yake utaiona ukikumbuka lile neno "mfungo".

Kwa wasomaji wengine ambao wazee wao wanaongea Kibembe, Kifuliiru au Mashi na Kiswahili wanakishika kidogo tu, andikisheni lugha hiyo ya kwanza hata kama mnaambiwa haina mkalimani. Hospitali ikitafuta mapema, siku kadhaa kabla ya miadi, wakati mwingine humpata wa kuunganisha: mmoja anatoa Kiingereza kwenda Kiswahili, wa pili Kiswahili kwenda Kibembe. Inachukua muda mara mbili, kwa hiyo ombeni miadi mirefu.

Wakikunyima mkalimani, usianze na ugomvi dirishani. Uliza jina la anayesimamia huduma za lugha au haki za wagonjwa, umpelekee ombi lako kwa maandishi, ukitaja tarehe, nani alikataa na alisema nini. Wengi hurekebisha hapo. Wasiporekebisha, malalamiko hupelekwa bila malipo kwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya wizara ya afya ya serikali kuu, ndani ya siku 180 tangu tukio, na yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili.